Jina Moja, Mipaka Miwili: Kuunganisha Takwimu za Sensa na Ramani ya Lindi na Mtwara

Jedwali la sensa ya 2012 kwa mkoa wa Lindi lina mistari sita: Kilwa, Lindi vijijini, Nachingwea, Liwale, Ruangwa na Manispaa ya Lindi. Jedwali la sensa ya 2022 nalo lina mistari sita. Faili la mipaka ambalo wengi wetu tunalo kwenye kompyuta, lile la enzi za sensa ya 2012, lina maumbo sita. Sita, sita na sita. Anayetaka kuonyesha kwa rangi jinsi watu walivyoongezeka ndani ya miaka hiyo kumi huona kazi ni nyepesi: aoanishe majina, apige hesabu ya asilimia, apake rangi. Programu haitamkatalia. Ramani itatoka imejaa kila mahali, na itakuwa imepotosha habari ya makao makuu ya mkoa.

Ramani ya aina hii huitwa koropleti: kila eneo linapakwa rangi kulingana na takwimu yake, nyepesi kwa kiwango kidogo na nzito kwa kikubwa. Ili ichorwe, vitu viwili vilivyotengenezwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti vinapaswa kukutana. Kimoja ni lahajedwali la Excel lenye idadi ya watu, kingine ni faili la mipaka lenye maumbo ya halmashauri au kata. Mahali pekee vinapokutana ni jina, au kodi, yaani namba ya utambulisho ya eneo, kama ipo. Jina la upande huu lisipolingana na la upande ule herufi kwa herufi, hapaungani kitu.

Wengi wanaojifunza QGIS, programu ya kuchora ramani, hufundishwa kwamba majina kutolingana ni tatizo la tahajia: safisha herufi, kazi imekwisha. Ni kweli nusu. Kuna majina yasiyolingana kwa sababu mahali pale pale pameandikwa namna mbili. Na kuna majina yasiyolingana, au hata yanayolingana vizuri kabisa, huku yakitaja maeneo mawili tofauti. La kwanza linatibiwa kwa kuandika upya. La pili ukilitibu kwa kuandika upya umeliharibu zaidi, na huku kusini mwa Tanzania tunayo yote mawili katika mikoa hii miwili tu.

Kabla ya kuunganisha

Majedwali ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu mara nyingi humfikia mtu kama PDF, naye huyanakili kwenda Excel. Hapo huingia mambo matatu ambayo ni vyema kuyaondoa mapema.

La kwanza ni mistari ya jumla. Mstari wa mkoa mzima huandikwa “Lindi” tu, juu ya halmashauri zake. Ukiuacha ndani, watu 864,652 wa mkoa wote wanaweza kwenda kukaa kwenye umbo la wilaya inayoitwa Lindi. Ufute mstari huo, lakini uandike jumla yake pembeni, maana utaihitaji baadaye kama kipimo.

La pili ni alama ya mkato ndani ya namba. “190,744” inaweza kusomwa kama maandishi, na QGIS haitaweza kuigawa katika viwango. Tazama orodha ya safu za data: safu ya idadi ya watu ikiwa na alama `abc` badala ya `123`, bado ni maandishi.

La tatu ni nafasi zisizoonekana. PDF na kurasa za mtandao huleta nafasi ya aina nyingine, ambayo kwa macho haitofautiani na nafasi ya kawaida, na `TRIM` ya Excel haiiondoi. Fomula hii inaibadilisha kwanza, kisha inapunguza nafasi na kushusha herufi zote kuwa ndogo:

```
=LOWER(TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")))
```

Ukifanya hivyo kwenye jedwali, fanya vivyo hivyo kwenye safu ya jina ya faili la mipaka. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Excel haijali herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo ukipima kwa `COUNTIF` itakuambia “KILWA” na “Kilwa” ni kitu kimoja. QGIS inapounganisha inajali. Mtu anahakiki ndani ya Excel, anakuta kila jina lina mwenzake, anakwenda QGIS anakuta nusu ya ramani haipo.

Waliobahatika kupata kodi wanaweza kuruka adha nyingi za majina, ila wakumbuke kwamba kodi ya mkoa wa Lindi ni 08 na ya Mtwara ni 09. Excel ikifungua faili la CSV hula ile sifuri ya mbele, ikabaki 8 na 9, na “08” ya upande wa mipaka haikutani na 8. Irudishe kwa `=TEXT(A2,"00")`.

Mahali pamoja, maandishi mawili

Sasa tuje kwenye majina yenyewe. Upande wa sensa utaona “Lindi MC” au “Manispaa ya Lindi”. Upande wa mipaka utaona “Lindi Urban”. Upande mmoja “Mtwara Mikindani”, mwingine “Mtwara-Mikindani”, na wa tatu “Mtwara Urban”. Herufi mbili za mwisho, DC, TC na MC, zinaeleza aina ya halmashauri: ya wilaya, ya mji, au manispaa. Mafaili mengi hayana herufi hizo, na hapo mtu hushawishika kuzikata zote ili majina yafanane.

Asizikate. Chukua Masasi. Katika sensa ya 2012 kulikuwa na Halmashauri ya Wilaya ya Masasi yenye watu 247,993, na Halmashauri ya Mji wa Masasi yenye watu 102,696. Ukikata DC na TC, jedwali lako linabaki na “masasi” mbili. Zana ya QGIS ya `Join attributes by field value` ikikutana na mistari miwili yenye ufunguo mmoja, yaani jina moja la kuunganishia, kwa mpangilio wake wa kawaida huchukua wa kwanza na kuuacha wa pili, kimya kimya. Kama faili la mipaka lina umbo la “Masasi” na jingine lenye jina refu zaidi la mji, umbo la mji litabaki tupu. Kama nalo umelikatia jina, maumbo yote mawili yatapewa watu 247,993.

Utajuaje? Kwa ile jumla uliyoiandika pembeni. Mtwara nzima mwaka 2012 ilikuwa na watu 1,270,854. Baada ya kuunganisha, jumlisha safu ya idadi ya watu kwenye tabaka la ramani, si kwenye jedwali. Ikija 1,168,158, pengo ni 102,696, na namba hiyo ukiitafuta ndani ya jedwali inakupeleka moja kwa moja kwenye mstari wa Mji wa Masasi. Jumla ikizidi kwa 145,297, hiyo ni tofauti kati ya Masasi mbili, maana yake namba ya wilaya imeandikwa mara mbili na ya mji imepotea. Kipimo hiki hakihitaji ujuzi wowote, kinahitaji kujumlisha tu, nami nakitegemea kuliko kutazama ramani kwa macho.

Dawa ya majina ya aina hii ni jedwali dogo la tatu, jedwali la daraja. Halibadilishi jedwali la sensa wala faili la mipaka. Linasema tu: jina hili la huku na jina lile la kule ni mahali hapa.

```
jina_sensa,jina_mpaka,ufunguo
masasi dc,masasi,mtw_masasi_dc
masasi tc,masasi township authority,mtw_masasi_tc
mtwara mikindani mc,mtwara urban,mtw_manispaa
lindi mc,lindi urban,lin_manispaa
lindi dc,lindi,lin_dc
```

Faida yake ni kwamba kila uamuzi uliofanya unaonekana. Mwingine akilichukua anaweza kupinga mstari mmoja bila kufumua kazi yote. Ukisahihisha majina moja kwa moja ndani ya faili la mipaka, baada ya miezi sita hutajua tena lipi lilikuja hivyo na lipi uliliandika wewe.

Ukitumia zana ya QGIS inayoitwa `Join attributes by field value`, kuna tokeo la ziada liitwalo `Unjoinable features from first layer`. Liwashe. Litakupa maumbo yaliyokosa takwimu. Lakini halisemi chochote kuhusu mistari ya jedwali iliyokosa umbo, na huko ndiko watu wanakopotelea. Kwa upande huo rudi kwenye Excel uhesabu kila jina la jedwali linatokea mara ngapi kwenye orodha ya mipaka: sifuri ni aliyepotea, mbili ni anayegombewa, moja ndiyo unayoitaka.

Nanyamba si Nanyumbu

Kuna wanaopenda kuiachia kompyuta itafute majina yanayokaribiana. Programu hulinganisha herufi na kusema jina hili linafanana na lile kwa asilimia kadhaa. Kwa orodha ndefu ya kata zana hizi zinasaidia, mradi zitoe mapendekezo na mtu ndiye aamue. Zikiachiwa ziamue zenyewe, mkoa wa Mtwara unazitega vibaya.

Halmashauri ya Mji wa Nanyamba ilimegwa kutoka Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara baada ya sensa ya 2012. Kwa hiyo ipo kwenye jedwali la 2022, na haipo kwenye faili la mipaka la 2012. Nanyumbu ipo kwenye yote mawili. Nanyamba na Nanyumbu zina herufi nane nane na zinatofautiana herufi mbili tu, yaani zinafanana kwa asilimia 75. Programu itafurahi kuzioanisha. Wakati huohuo “Mtwara Mikindani” na “Mtwara Urban”, ambazo ni mahali pamoja, itazipa alama ndogo na kuzitenganisha. Inajiamini inapokosea, inasita inapokuwa sahihi.

Kwa mkazi wa huku kosa hilo ni dhahiri. Nanyamba iko upande wa Mtwara mjini. Nanyumbu, yenye makao yake Mangaka, iko mwisho wa mkoa upande wa Ruvuma. Kati yake zimelala Newala, Tandahimba na Masasi. Lakini ramani haitaonyesha kidonda chochote. Na hili ndilo ningependa msomaji alishike: umbo lisilopata takwimu halichorwi, linaacha tundu ambalo kila mtu analiona na kuuliza. Umbo lililopata takwimu ya jirani linapakwa rangi nzuri kama wenzake. Kwa hiyo nikiona tundu kwenye ramani sina haraka ya kuliziba. Naona afadhali lile tundu kuliko rangi niliyoipata kwa kulazimisha majina yafanane.

Nanyamba inadai suluhisho la namna nyingine, kwa sababu umbo lake halipo. Hakuna jina la kuliandika upya. Kuna njia mbili tu: kutafuta faili la mipaka linalolingana na sensa ya 2022, au kurudisha watu wa Nanyamba kwa mama yake, yaani kuwajumlisha na Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara ili wakae ndani ya umbo la zamani. Newala nayo ni hivyohivyo: kwenye 2012 ni moja yenye watu 205,492, kwenye 2022 ni mbili, wilaya na mji. Mkoa wa Mtwara ulikuwa na mistari saba, sasa una tisa. Angalau hapa idadi ya mistari inakuamsha.

Lindi, ambako hesabu ya mistari haikuamshi

Lindi ni ngumu zaidi kwa sababu sita ilibaki sita. Kati ya sensa mbili, Halmashauri ya Wilaya ya Lindi iligawanywa. Upande wa Mchinga, pamoja na kata kama Kitomanga na Milola, ukaingizwa Manispaa ya Lindi. Sehemu iliyobaki ikawa Halmashauri ya Wilaya ya Mtama. Hakuna halmashauri iliyoongezeka kwa hesabu: moja ilibadilika jina na kupungua, nyingine ikabaki na jina lake na kupanuka.

Sasa mtazame mtu anayeunganisha kwa majina. Kilwa inakutana na Kilwa, Liwale na Liwale, Nachingwea na Ruangwa vilevile. “Lindi MC” inakutana na “Lindi MC” bila taabu yoyote. Hata hajaiona kama tatizo. Inabaki “Lindi DC” upande wa 2012 isiyo na mwenzake, na “Mtama DC” upande wa 2022 isiyo na mwenzake. Anauliza, anaambiwa Mtama ndiyo ile Lindi vijijini ya zamani iliyobadilishwa jina. Aliyemjibu hajamdanganya. Anaandika mstari mmoja kwenye jedwali la daraja, na ramani inajaa.

Hesabu zinazotoka ni hizi. Manispaa ya Lindi: watu 78,841 mwaka 2012, watu 174,126 mwaka 2022, ongezeko la asilimia 120.9. Mtama: kutoka 194,143 kushuka hadi 166,493, pungufu kwa asilimia 14.2. Ramani inasema mji umefurika na vijiji vimekimbiwa. Ni habari inayovutia, inayoelekea kuwa kweli kwa mtu anayesoma kila siku kuhusu watu kuhamia mijini, na ndiyo maana ni hatari. Mtu ataiandikia ripoti. Mwingine ataipangia vituo vya afya.

Mzee mmoja wa upande wa Mchinga, ambaye aliwahi kuwa mtendaji wa kata, nilipomwonyesha namba hizi alinijibu: “Mwanangu, sisi tupo palepale kwenye mikorosho yetu. Ila siku hizi barua zetu zinakwenda manispaa.”

Kipimo cha jumla hapa hakisaidii. Jumla ya 2012 inatoka 864,652 kamili, ya 2022 inatoka 1,194,028 kamili. Hakuna mtu aliyepotea, hakuna aliyehesabiwa mara mbili. Majina yanalingana, kodi zinaweza kulingana, jumla zinalingana, na bado ramani ni ya uongo, kwa sababu kosa haliko kwenye jedwali lolote. Liko kwenye dhana kwamba jina lile lile linamaanisha ardhi ile ile.

Kinachoweza kukuamsha ni thamani zenyewe. Weka mabadiliko ya halmashauri zote kwenye mstari mmoja: Nachingwea asilimia 30.9, Ruangwa 41.6, Liwale 49.4, Kilwa 56.1, na mkoa mzima 38.1. Kisha jirani wawili, mmoja ameruka hadi 120.9 na mwingine amezama hadi chini ya sifuri. Majirani wawili wanaokwenda pande mbili zilizokithiri kwa wakati mmoja ni dalili ya mpaka kuhama. Watu wakihama kweli, kwa kawaida huacha alama kwa majirani wengine pia. Mpaka ukihama, anachopata mmoja ni kile kile alichopoteza mwenzake.

Jaribio la kuthibitisha ni jepesi: wajumlishe hao wawili uone kama ukithiri unatoweka. Mwaka 2012, manispaa na Lindi vijijini kwa pamoja zilikuwa na watu 272,984. Mwaka 2022, manispaa na Mtama kwa pamoja zina watu 340,619. Ongezeko ni asilimia 24.8. Namba imerudi katika safu ya wenzake, tena imekuwa ya chini kuliko zote mkoani. Fikiria tofauti hiyo. Ramani ya kwanza ilionyesha makao makuu ya mkoa kama mahali panapokua kwa kasi kuliko pote Lindi. Ramani sahihi inaonyesha kwamba eneo hilo, manispaa na vijiji vyake kwa pamoja, ndilo lililokua polepole kuliko yote.

Kwenye QGIS kazi yake ni kuyaunganisha maumbo mawili yawe moja. Ongeza safu mpya kwenye tabaka la mipaka, uiite `eneo_pamoja`, na uijaze kwa maelezo haya ukitumia kikokotoo cha safu:

```
CASE
  WHEN "ufunguo" IN ('lin_manispaa','lin_dc') THEN 'lindi_mtama'
  ELSE "ufunguo"
END
```

Kisha tumia zana ya `Dissolve` kwa safu hiyo, na upande wa Excel ujumlishe idadi za watu kwa ufunguo huohuo katika miaka yote miwili. Asilimia uikokotoe baada ya kujumlisha. Ukichukua wastani wa asilimia mbili, ya manispaa na ya Mtama, utapata kitu kisicho na maana, kwa sababu kila asilimia imetokana na idadi tofauti ya watu wa kuanzia.

Ukitazama vizuri, eneo uliloliunganisha ni Wilaya ya Lindi, ile yenye mkuu wa wilaya mmoja, ambayo ndani yake zimo halmashauri mbili. Mkoa wa Lindi una wilaya tano, kila moja na mkuu wake, na Mtwara nao una tano: Mtwara, Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyumbu. Ngazi ya wilaya imetulia kuliko ngazi ya halmashauri, kwa hiyo mtu anayelinganisha sensa mbili ataokoa muda mwingi akianzia hapo. Anayetengeneza ramani ya mwaka mmoja tu, 2022 peke yake, hana haja ya kuunganisha chochote, ila ahakikishe mipaka yake ni ya wakati huo.

Makosa ya Manispaa ya Lindi yanavuruga hata rangi za wengine. Ukigawa viwango vitano vilivyo sawa kutoka hasi 14 hadi 121, kila kiwango kinabeba pointi 27. Ruangwa, Liwale na Kilwa zote zinaingia kiwango kimoja na kupata rangi moja, na kiwango kizima cha 67 hadi 94 kinakuwa hakina mtu. Ukirekebisha mpaka, safu inakuwa 24.8 hadi 56.1, na tofauti ya Ruangwa na Kilwa, ambayo ni ya kweli, inaonekana.

Ukishuka kwenye kata

Kuna atakayesema kuunganisha maumbo kunaficha. Ni kweli. Swali la nani amekua zaidi, mji wa Lindi au vijiji vinavyouzunguka, haliwezi kujibiwa na umbo moja. Jibu liko kwenye kata: chukua takwimu za kata za 2012, zile kata zilizohamishiwa manispaa uzitoe Lindi vijijini na kuzijumlisha na za manispaa, na hapo utapata manispaa ya 2012 yenye mipaka ya 2022. Baada ya hapo asilimia unayoikokotoa ni ya ardhi ile ile kabla na baada.

Ila kwenye kata majina yanakuwa mengi na matatizo yanarudi kwa sura nyingine. Rahaleo ipo Lindi mjini na ipo Mtwara mjini. Ndani ya Manispaa ya Lindi kuna kata inayoitwa Nachingwea, ambayo haihusiani na Wilaya ya Nachingwea. Kwa sababu hiyo ufunguo wa kata usiwe jina la kata peke yake. Bandika mkoa, halmashauri na kata pamoja, kwa mfano `lindi|lindi_mc|rahaleo`, na uhakikishe hakuna ufunguo unaojirudia kabla hujaunganisha.

Tahajia nazo huku ziko huru zaidi. Utakuta Songosongo na Songo Songo, Mnazimmoja na Mnazi Mmoja, Rasbura na Ras Bura. Kuondoa nafasi zote ndani ya ufunguo kunatatua mengi ya haya. Ng'apa ina ugomvi wake: alama ya juu inaweza kuwa ile iliyonyooka ya kibodi au ile iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe. Kwa macho ni Ng'apa ileile. Kwa kompyuta ni maneno mawili. Badilisha iliyopinda iwe iliyonyooka kwa `SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(8217),"'")`. Usiiondoe alama yenyewe kwenye safu ya jina litakaloonekana kwenye ramani, maana bila hiyo jina halisomeki kama wenyeji wanavyolitamka. Iondoe kwenye ufunguo tu kama unapenda.

Na kata pia humegwa. Ukikuta kata ya 2022 isiyo na mwenzake 2012, usikimbilie kutafuta jina linalofanana. Fungua mipaka yote miwili, moja juu ya nyingine, uweke ya juu iwe mistari mitupu bila rangi, uone kata mpya imelala ndani ya ipi ya zamani. Ikiwa imelala ndani ya kata moja, irudishe kwa mama yake kama ulivyofanya kwa Nanyamba. Ikiwa imechukua vipande vya kata mbili, ziunganishe zote tatu kuwa eneo moja kwa miaka yote miwili, kwa kuwa hakuna takwimu ya kata itakayokuambia ni watu wangapi walitoka upande upi. Kugawa watu kwa ukubwa wa kipande cha ardhi ni kubahatisha, hasa kwenye maeneo kama Liwale ambako sehemu kubwa ni hifadhi isiyo na makazi.

Ramani ikishatoka, chini yake panahitajika maelezo mafupi yanayosema mipaka ni ya mwaka gani na nini kimeunganishwa. Kwa ramani tuliyoitengeneza hapa yatosha kuandika hivi: “Mabadiliko ya idadi ya watu, 2012 hadi 2022. Manispaa ya Lindi na Halmashauri ya Mtama zimeonyeshwa kama eneo moja kwa sababu mpaka kati yake ulibadilika katika kipindi hicho.”